Silikoni katika anodi ya grafiti

Silikoni katika anodi ya grafiti ni mchanganyiko unaotumika katika baadhi ya betri za lithi-ioni ili kuongeza kiasi cha chaji ambacho betri inaweza kuhifadhi. Anodi ni upande hasi wa betri. Kwa kawaida hutengenezwa kwa grafiti, aina ya kaboni ambayo nchini Tanzania huitwa pia madini ya kinywe. Gramu moja ya silikoni hubeba lithi karibu mara kumi kuliko gramu moja ya grafiti, lakini silikoni huvimba sana inapojaa lithi. Kuvimba na kunywea huko ndiko hufanya betri yenye silikoni ichoke mapema isipotengenezwa kwa uangalifu.

## Grafiti inavyohifadhi lithi

Grafiti imejengwa kwa tabaka nyembamba za atomi za kaboni zilizopangana kama kurasa za kitabu. Betri inapochajiwa, ioni za lithi hutoka katodi, yaani upande chanya, hupita katika elektroliti na kuingia kati ya tabaka hizo. Betri inapotumika ioni hizo hurudi katodi, na elektroni hupita nje kupitia simu, pikipiki au taa inayotumia umeme.

Grafiti iliyojaa ina fomula LiC6, maana yake kila atomi 6 za kaboni hushika atomi 1 ya lithi. Hapo gramu moja ya grafiti imehifadhi miliampea-saa 372, na huo ndio mwisho wa uwezo wake kinadharia. Lithi inapoingia, tabaka hutanuka kidogo tu, na ujazo wa grafiti huongezeka kwa takriban asilimia 10. Inapotoka, tabaka hurudi mahali pake. Kwa sababu hiyo grafiti huweza kuchajiwa mara nyingi bila kuvunjika.

## Kwa nini silikoni hubeba zaidi

Silikoni haihifadhi lithi kwa kuipa nafasi kati ya tabaka. Huungana nayo na kufanya aloi. Katika joto la kawaida aloi iliyojaa ina fomula Li15Si4, yaani kila atomi 1 ya silikoni imeshika wastani wa atomi 3.75 za lithi.

Tofauti inaonekana tukilinganisha uzito ulio sawa. Atomi 6 za kaboni zina jumla ya uzito wa atomi wa 72, nazo hushika lithi 1. Uzito huohuo wa 72 ni takriban atomi 2.57 za silikoni, kwa kuwa kila moja ina uzito wa 28. Hizo hushika lithi 9.6. Kwa hiyo gramu moja ya silikoni huweza kuhifadhi takriban miliampea-saa 3,579.

## Kwa nini huvimba

Atomi za lithi zinazoingia katika silikoni zinahitaji nafasi, na ndani ya silikoni hakuna nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili yao. Viungo kati ya atomi za silikoni hukatika, mpangilio wa fuwele huharibika, na chembe nzima hukua. Silikoni iliyojaa lithi huwa na ujazo wa takriban mara 3.8 ya ule wa mwanzo. Lithi ikitoka, chembe hunywea tena.

Kwa hiyo sifa nzuri ya silikoni na tatizo lake vina chanzo kimoja. Inabeba chaji nyingi kwa sababu inapokea lithi nyingi, na inavimba kwa sababu hiyohiyo. Fundi anaweza kuchagua mahali pa kuuweka uvimbe huo, lakini hawezi kuuondoa bila kupunguza chaji.

## Mfano: gramu 100 zenye asilimia 5 ya silikoni

Chukua mchanganyiko mkavu wa gramu 95 za grafiti na gramu 5 za silikoni.

* Chaji: Kila gramu ya mchanganyiko ina mchango wa miliampea-saa 353 kutoka grafiti na 179 kutoka silikoni, jumla 532. Hilo ni ongezeko la asilimia 43 juu ya grafiti tupu. Silikoni ni asilimia 5 tu ya uzito, lakini inabeba theluthi moja ya chaji yote.
* Ujazo: Grafiti inachukua takriban sentimita za ujazo 42 na silikoni 2.1. Zikijaa lithi, grafiti huongezeka kwa 4.2 na silikoni huongezeka kwa 6. Silikoni kidogo hiyo imeleta uvimbe mkubwa kuliko grafiti yote iliyoizunguka.

Hesabu hii ni ya kinadharia. Katika anodi halisi sehemu ya uvimbe huingia katika vitundu vilivyo kati ya chembe. Pia ongezeko la asilimia 43 ni la anodi peke yake. Betri nzima haipati ongezeko hilo lote, kwa kuwa uzito wa katodi, karatasi za shaba na alumini, na kasha haubadiliki.

## Betri inavyochoka

### Chembe kuvunjika

Chembe kubwa ya silikoni haijai lithi sawasawa. Sehemu ya nje hutanuka kwanza huku kiini kikiwa bado kigumu, na mvutano kati ya sehemu hizo mbili huipasua chembe. Majaribio yaliyofanywa chini ya hadubini ya elektroni yalionyesha kwamba chembe za silikoni ya fuwele zenye kipenyo chini ya nanomita 150 hivi hazipasuki zinapojazwa lithi mara ya kwanza, ila zilizo kubwa zaidi hupasuka.

Vipande vilivyovunjika huweza kupoteza mguso na kaboni inayopitisha umeme. Kipande kilichotengwa hivyo hakichaji tena, na lithi iliyokuwa ndani yake hubaki humo.

### Utando unaokula lithi

Sababu ya pili hufanya kazi polepole, lakini mara nyingi ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Anodi iliyochajiwa huvunjavunja elektroliti inayoigusa. Mabaki yake huganda juu ya chembe kama utando mwembamba wenye lithi ndani yake. Juu ya grafiti utando huu ni kinga: ukishajengwa katika chaji za kwanza huzuia elektroliti isiendelee kuharibika, huku ukiruhusu ioni za lithi kupita.

Juu ya silikoni utando hautulii. Chembe ikivimba, utando hupasuka na silikoni mpya hukutana na elektroliti. Utando mwingine hujengwa hapo, nao hupasuka baadaye. Kila mara lithi kidogo hufungwa humo isirudi tena. Betri haina ghala la lithi ya kufidia, kwani karibu lithi yote inayotumika iliwekwa katika katodi kiwandani.

Hasara ndogo hujilimbikiza. Ikiwa kila mzunguko wa kuchaji na kutumia unabakiza asilimia 99.98 ya lithi, betri hufika asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,100 hivi. Ikiwa unabakiza asilimia 99.9, hufika hapo baada ya mizunguko 223. Kwa macho, tofauti ya namba hizo mbili ni ndogo sana, lakini kwa mtu anayechaji kila siku ni tofauti kati ya miaka mitatu na miezi saba na nusu.

## Njia za kupunguza tatizo

Njia ya kwanza ni kutumia chembe ndogo za nanomita ili zisipasuke. Hata hivyo chembe ndogo zina eneo kubwa la nje kwa uzito uleule, kwa hiyo utando mwingi zaidi hujengwa. Kutibu kasoro ya kwanza hukuza ya pili. Kwa sababu hiyo, watengenezaji huiweka silikoni ndani ya chembe za kaboni zenye vitundu. Silikoni huvimba kuelekea ndani ya vitundu, na ganda la nje linalogusa elektroliti halisogei sana.

Njia nyingine ni kutumia oksidi ya silikoni. Katika chaji ya kwanza oksijeni yake hushika lithi na kufanya misombo inayozunguka silikoni na kuibana. Uvimbe hupungua, lakini lithi iliyoshikwa na oksijeni hairudi, hivyo betri hupoteza sehemu ya uwezo tangu siku ya kwanza.

Gundi inayoshikilia chembe juu ya karatasi ya shaba nayo hubadilishwa. Gundi zinazotokana na selulosi au asidi ya poliakriliki hushikamana vizuri na uso wa silikoni kuliko gundi ya zamani yenye florini. Elektroliti huongezewa floroethilini kaboneti, ambayo hujenga utando imara zaidi, ila huisha kadiri inavyotumika.

## Jinsi ya kutambua

Katika maabara, unene wa betri hupimwa wakati wa kuchaji. Unene unaopanda na kurudi ni kupumua kwa kawaida kwa anodi. Unene unaobaki ukiongezeka hata betri ikiwa tupu unaonyesha utando kurundikana au gesi kujaa. Betri ya simu iliyotuna ghafla kama mto kwa kawaida imejaa gesi itokanayo na kuharibika kwa elektroliti, jambo linaloweza kutokea pia katika betri ya grafiti tupu. Betri ya namna hiyo haifai kutobolewa wala kuchajiwa tena.

Dalili nyingine iko katika volti. Betri inapotumika, grafiti hutoa lithi yake kwanza, na silikoni hutoa nyingi ya lithi yake mwishoni, chaji inapokaribia kuisha. Kwa hiyo silikoni ikichoka, sehemu ya mwisho ya mchoro wa volti hufupika kabla ya nyingine. Ndiyo sababu pia kuacha betri ya aina hii ishuke hadi sifuri kila siku huichosha upesi: silikoni hunywea kikamilifu wakati huo, kisha huvimba tena.

## Silikoni na kinywe cha Tanzania

Tanzania ina akiba kubwa za kinywe, zikiwemo za Mahenge katika Wilaya ya Ulanga, Mkoa wa Morogoro, na za Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Kabla ya kuwa anodi, kinywe cha vipande bapa husagwa kuwa chembe za mviringo, husafishwa hadi kufikia takriban asilimia 99.95 ya kaboni, kisha hupakwa tabaka jembamba la kaboni.

Mfano wa asilimia 5 unaonyesha namna silikoni inavyogusa mahitaji ya madini hayo. Anodi hiyo bado ni grafiti kwa asilimia 95, lakini kwa kuwa kila gramu inabeba zaidi, anodi yenye chaji ileile huhitaji grafiti pungufu kwa theluthi moja hivi. Upande mwingine, silikoni inahitaji grafiti iwe karibu nayo, kwa kuwa grafiti hupitisha umeme, hubeba sehemu ya chaji bila kuvimba sana, na hupunguza shinikizo la chembe zinazokua. Kadiri asilimia ya silikoni inavyopanda, msaada huo hupungua na mizunguko ya betri hupungua pia, isipokuwa muundo wa silikoni wenyewe umeboreshwa.

## Tazama pia

* Betri
* Grafiti
* Lithi
* Silikoni
* Mahenge