Video ya somo dogo la darasa geuzi

Video fupi ambayo mwanafunzi huitazama nyumbani ili kipindi kibaki kwa mazoezi. Walimu Jonathan Bergmann na Aaron Sams wa Colorado, Marekani, walianza kurekodi masomo yao ya kemia mwaka 2007.

Muswada hubeba dhana moja tu. Katika kujumlisha sehemu, waweza kuanza na fumbo: ukiongeza theluthi kwenye nusu chapati, wengine hupata 2/5, yaani pungufu ya ile nusu. Inawezekanaje? Kisha huonyeshwa 3/6 + 2/6 = 5/6.

Video husimama na kuuliza 1/4 + 1/3. Kazi ngumu ni kutunga majibu ya kuchagua: 2/7 humfichua aliyejumlisha asili, 2/12 aliyesahau kubadili viasi. Wengi wakichagua 2/12, kipindi huanzia hapo.