Mstari wa kukata na mstari wa kukunja: boksi la mvinyo kutoka kalibu ya Gair hadi akili unde

Boksi la kadibodi linalosafirishwa likiwa bapa na kukunjwa pale linapohitajika lina historia inayoanzia New York, mwaka 1879, katika kiwanda cha Robert Gair, mchapaji aliyekuwa akitengeneza mifuko ya mbegu. Inasimuliwa kwamba kipande cha chuma kilichokusudiwa kutia alama ya mkunjo kilipanda juu kuliko ilivyotakiwa, kikakata maelfu ya mifuko badala ya kuikunja, na Gair akaona katika hasara hiyo kwamba makali marefu na makali mafupi yaliyo butu yanaweza kuwekwa kwenye kalibu moja, hivyo karatasi ikakatwa na kutiwa mikunjo kwa mgandamizo mmoja. Tangu hapo mchoro wa boksi umekuwa na aina mbili za mistari: wa kukata, ambao kwa kawaida huchorwa bila kukatika, na wa kukunja, ambao huchorwa kwa vinukta au vistari vifupi.

Mchoro huo, ambao huonyesha boksi likiwa limefunuliwa na pande zake zote zimelala sakafuni, si picha ya bidhaa bali ni kifaa cha kazi, kwa kuwa fundi hupinda visu vya chuma kwa kuufuata. Tofauti hiyo ndiyo iliyoleta taabu kuanzia mwaka 2022, pale programu za akili unde zinazochora picha kutokana na agizo la maandishi, kama vile Midjourney na Stable Diffusion, zilipofika mikononi mwa umma.

Mfano unaofaa ni boksi la chupa moja ya mvinyo wa Hombolo, eneo la Dodoma linalolima zabibu. Chupa ya mililita 750 hukaa vizuri katika boksi lenye upana wa milimita 80, kina cha 80 na kimo cha 320. Likifunuliwa, pande nne hupangwa kwa mfuatano wa mbele, ubavu, nyuma na ubavu, kisha hufuata ukingo wa gundi wa milimita 15, ambao hufanya upana wote kuwa 335. Kimo nacho, pamoja na vifuniko vya juu na chini vya milimita 80 na ndimi zake za milimita 20, hufikia 520. Mtu akiandika tu kwamba anataka boksi la mvinyo, programu humpa boksi lililosimama kwa pembe, lenye kivuli, kwa sababu picha nyingi ilizojifunzia ni za matangazo. Kwa hiyo agizo hulazimika kutaja mtazamo bapa na kukataza yale yasiyotakiwa, kwa mfano:

```
flat unfolded carton dieline, straight front view,
four equal panels in a row, glue flap on right,
no perspective, no shadow, white background
```

Agizo hilo huleta kitu kinachofanana na mchoro wa kiwandani, na hapo ndipo mwangalizi asiye na rula hudanganyika. Programu haijui milimita; hupanga rangi za nukta kwa kuiga mwonekano, hivyo paneli ya mbele huweza kuwa pana kuliko ya nyuma, au paneli zikawa tano, au ukingo wa gundi ukatokea pande zote mbili. Kosa lililojificha zaidi liko kwenye kifuniko: kikiwa kimeungana na paneli ya nyuma, maandishi yake yanapaswa kuchorwa kichwa chini ili yasomeke sawasawa baada ya kukunjwa kuelekea mbele, lakini programu huyaandika wima karibu kila mara. Mistari ya msimbo upau nayo huwa pambo tu lisilosomeka kwa mashine, ilhali msimbo wa Tanzania huanza na 620 na kila upau una kipimo chake.

Lipo pia suala la wingi wa nukta. Picha ya nukta 1,024 ikitandazwa kwenye kimo cha milimita 520 hutoa takribani nukta 50 kwa inchi, wakati uchapaji mzuri huhitaji 300, yaani zaidi ya nukta 6,100.

Nafuu kubwa ilikuja mwaka 2023 na ControlNet, nyongeza inayoiruhusu Stable Diffusion kufuata mistari iliyochorwa na mtu. Hata hivyo, utaratibu ulio salama zaidi ni kugawanya kazi: mistari ya kukata na kukunja ichorwe kwa vipimo katika Inkscape, kwenye tabaka lake peke yake, programu iagizwe kutoa pambo la kila paneli kwa zamu, bila maandishi, kisha maneno na msimbo upau viwekwe na mbunifu, na rangi izidishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukata ili kisu kikiyumba pasibaki ukingo mweupe. Kabla ya kalibu kutengenezwa, nakala ya ukubwa halisi hukatwa kwa mkasi, hukunjwa na kutiwa chupa. Paneli ya mwisho ikionekana kuchomoza penye gundi, hupunguzwa nusu milimita kufidia unene wa kadibodi.