Kina cha kisima, kukadiria kwa jiwe

Njia ya kukadiria umbali kutoka mdomo wa kisima hadi uso wa maji kwa kupima muda kati ya kuachilia jiwe na kusikia mlio wake. Muda huo una sehemu mbili: jiwe kuanguka, kisha sauti kupanda. Anayesahau muda wa sauti hupata kina kilichozidi.

Huko Ibanda, komini ya Bukavu kandoni mwa Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, mvutano wa dunia ni kama 9.78 m/s². Hewa ikiwa na nyuzi 20, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde.

Tuseme saa imeonyesha sekunde 2.5. Nusu ya 9.78 mara 2.5 mara 2.5 ni mita 30.6. Sauti hupanda umbali huo kwa sekunde 0.09; ukiziondoa, zinabaki 2.41, na kina kinashuka hadi mita 28.4. Rudia hesabu kwa kina hiki kipya: jibu linatulia kwenye 28.6.

Sahihisho ni mita 2. Lakini kidole kikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, kosa nalo hufika mita 2, kwa hiyo pima mara kadhaa uchukue wastani. Kwa kisima cha mita 5, kosa hilo ni karibu mita nzima. Hapo kamba yenye uzito ni bora zaidi. Kisima cha maji ya kunywa kisitupiwe jiwe kamwe.