Kifyatuo cha Mbali

Kifyatuo cha mbali ni kitufe kidogo cha kushika mkononi kinachoiamuru simu iliyosimamishwa kwenye stendi ipige picha bila mtu kuigusa. Huungana na simu kwa Bluetooth na hutumia betri bapa ya duara, mara nyingi ile ya volti 3 inayoandikwa CR2032. Madukani huitwa rimoti ya kupigia picha, na wengine huiita rimoti ya selfi, ingawa manufaa yake makubwa yamo kwenye picha za kundi, pale ambapo mpigaji naye anatakiwa aonekane.

Jina lake la asili la Kiingereza limejengwa juu ya shata, yaani kile kipazia cha kamera za filamu kilichofunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, tuseme 1/125, kikapitisha mwanga na kujifunga. Kamera ya simu kwa kawaida haina kipazia hicho. Kihisi chake husoma mwanga kwa umeme, mstari baada ya mstari, na ule mlio unaosikika picha inapopigwa ni sauti iliyorekodiwa tu. Kwa hiyo tafsiri inayokifuata kipazia, kama vile rimoti ya shata, humwelekeza msomaji kwenye kitu kisichokuwepo. Kitenzambali nalo ni neno zuri, lakini limeshazoeleka kwa televisheni, na halisemi kifaa kinafanya nini hasa. Kufyatua ni kuachilia kitu kilichokwisha kutegwa, na ndivyo ilivyo hapa: pembe, mwanga na mahali pa kusimama hupangwa kwanza, kisha kitufe huachilia. Kifyatuo linafaa zaidi kwa sababu hiyo.

Ndani ya kifaa hiki hakuna ujuzi wowote wa picha. Simu hukitambua kama kibodi, na kinapobonyezwa hutuma amri ileile ya kitufe cha kuongeza sauti kilicho ubavuni mwa simu. Programu ya kamera ndiyo inayoamua kuwa, ikiwa iko wazi, amri hiyo maana yake ni kupiga picha. Vifaa vya zamani huwa na vitufe viwili: kikubwa cha aifoni, kidogo cha simu za Android, ambacho kwa kawaida hutuma pia amri ya Enter. Anayelijua hili hupata ufumbuzi wa karibu kila tatizo la kifyatuo.

Kukiunganisha ni kazi ya dakika moja. Swichi ya ubavuni huwashwa hadi taa imetemete, orodha ya Bluetooth ya simu hufunguliwa, na jina la kifaa huguswa. Vile vya bei nafuu mara nyingi hujitokeza kama `AB Shutter3`. Taa ikiacha kumeta, vimeungana.

Chukua mfano wa familia ya watu kumi na wanne inayotaka picha uani, saa kumi jioni. Wakipangwa safu mbili za watu saba, na kila mmoja akichukua nusu mita ya bega kwa bega, safu huwa na upana wa mita tatu na nusu. Lenzi kuu ya simu nyingi, ikilazwa, huona upana unaozidi umbali kwa takriban theluthi moja: kutoka mita tatu huona kama mita nne. Kwa hesabu hiyo mita tatu zinatosha, lakini wa pembeni watakuwa ukingoni kabisa mwa picha, na huko ndiko lenzi hii hupanua nyuso na mabega. Stendi ikisogezwa hadi mita nne, huonekana upana wa zaidi ya mita tano, na kila upande hubaki na nafasi ya kukata baadaye. Kishawishi cha kutumia lenzi pana badala ya kurudisha stendi nyuma kinafaa kukataliwa, maana shangazi aliyekaa pembeni hatafurahia matokeo.

Simu hupandishwa usawa wa kifua cha waliosimama. Kisha, kabla mpigaji hajaondoka, hugusa skrini penye uso wa mtu wa safu ya mbele na kushikilia kidole hadi fokasi ijifunge. Kwenye aifoni maandishi ya `AE/AF LOCK` hutokea juu. Hatua hii husahaulika sana. Bila hiyo, simu huweza kubadili fokasi kila mtu anapopita mbele yake, na mwanga nao ukapanda na kushuka kati ya picha na picha.

Hapo ndipo swali la kipima muda linapoingia. Neno hili limeshakubalika, hata kwenye menyu za simu zenye Kiswahili, ingawa kazi yake kwenye kamera ni kuchelewesha kuliko kupima. Sekunde kumi zinatosha kutembea mita nne na kujipanga, lakini kila jaribio lina safari yake ya kwenda na kurudi, na katika watu kumi na wanne ni rahisi picha moja ikawa na aliyefumba macho. Safari ya tatu watoto wameshatawanyika. Kifyatuo huondoa safari hizo, ila nacho kina dosari yake: mkono ulionyooshwa kuelekea kamera huonekana, na macho ya anayebonyeza huelekea chini.

Njia bora ni kuvitumia vyote viwili. Kipima muda huwekwa sekunde tatu, na kifyatuo kikabaki mkononi. Mpigaji hubonyeza, hushusha mkono nyuma ya aliye mbele yake, huinua uso, na picha hupigwa wote wakiwa wametulia. Kubonyeza kuwe kwa haraka. Kwenye baadhi ya simu, kushikilia kitufe huanzisha video au mfululizo wa picha.

Kifyatuo kikigoma, jaribio moja hutenganisha sababu. Kamera hufungwa, muziki ukafunguliwa, kitufe kikabonyezwa. Sauti ikipanda, mawasiliano ni mazima na kosa liko kwenye mipangilio ya kamera, ambako kitufe cha sauti huenda kimepewa kazi ya kuvuta picha karibu. Sauti isipopanda, ama betri imekwisha, ama kifaa kimeungana na simu nyingine iliyokitumia zamani na iko jirani, ama kimelala ili kutunza betri. Katika hali hii ya mwisho mbonyezo wa kwanza hukiamsha tu na wa pili ndio hupiga. Umbali wa mita kumi unaotajwa kwa vifaa hivi ni wa mahali peupe. Mwili wa binadamu una maji mengi na hunyonya mawimbi hayo, kwa hiyo anayesimama nyuma ya safu mbili za watu huweza kukosa mawasiliano akiwa karibu kabisa. Kumpa kifyatuo mtu wa safu ya mbele hutatua hilo.

Picha zikishakamilika, kifaa huzimwa kwa swichi yake. Kikiachwa kimewaka, simu huendelea kuamini kuwa ina kibodi ya nje, na kibodi ya kwenye skrini huweza kukataa kujitokeza mwenye simu anapotaka kuandika ujumbe.