Namna ya kufuta majina yaliyojificha ndani ya PDF mbele ya kuitangaza

Tuchukue mufano. Kamati moja ya sosiete sivile inaandika ripoti juu ya pesa raia wanazoombwa ku baryere. Chini ya ripoti wameandika tu "Kamati", bila jina la mutu. Ripoti imeandikwa ku Word, ikageuzwa PDF, ikatumwa ku Watsapu. Lakini yeyote anayeifungua na Adobe Reader na kufinya Ctrl+D anaweza kuona mustari "Auteur" pamoja na jina la sekretere, kwa sababu Word iliwekwa kwa jina lake ku ordinatere ile. Anaona tena tarehe na saa PDF ilitengenezwa. Kutuma ku Watsapu hakufuti kitu.

Kama ungali na faili ya Word, anzia pale. Fanya kopi, fungua Fichier, Informations, kisha "Inspecter le document". Futa komantere, marekebisho na habari za muandikaji. Wakati wa kuiweka ku PDF, ingia ku Options na utoe alama ku "Propriétés du document".

Kama uko na PDF tu, programu mbili za bure zinasaidia: ExifTool na qpdf. Andika hivi:

```
exiftool -all:all= ripoti.pdf
qpdf --linearize ripoti.pdf safi.pdf
```

Wengi wanaishia ku mustari wa kwanza, na pale ndipo kuna hatari. ExifTool haitoboe PDF ili kutoa jina. Inaongeza kipande kipya ku mwisho wa faili, kinachosema habari zile haziko tena. Jina la zamani linabakia ndani. Mutu mwingine anaweza kulirudisha kwa amri hii moja:

```
exiftool -PDF-update:all= ripoti.pdf
```

Programu nyingi za kurekebisha PDF zinaandika vilevile: matoleo ya zamani yanabakia chini ya mapya. qpdf inaandika faili upya yote, ikichukua tu vile vinavyotumika sasa. Basi utume safi.pdf. Usitume ripoti.pdf_original, ambayo ExifTool inaacha pembeni: ile ingali na kila kitu.

Mbele ya kutuma, hakikisha:

```
exiftool safi.pdf
```

Mistari Author na Creator haipashwe kuonekana. Jina la faili na tarehe zake zitaonekana, zile zinatoka ku ordinatere yako.

Njia hii haigusi vile viko ku kurasa zenyewe. Komantere zilizobandikwa ku PDF zinabakia na jina la aliyeziandika; uzifute mbele. Picha inaweza kubakia na habari zake za ndani, hata mahali ilipigwa. Na ukifunika jina la shahidi kwa kibandiko cheusi, maneno yangali chini: muchague mustari ule, ufanye "copier", ubandike pengine. Jina likitokea, rudi ku Word, ulifute kabisa, halafu utengeneze PDF upya.