50000mAh kwenye pawabenki: isome picha kabla hujatoa pesa

Mama mmoja wa mtaani kwetu, anayejitayarisha kwenda Umra, amenitumia kwa wasapu picha za pawabenki aliyoiona kwa muuzaji wa barabarani. Imeandikwa 50000mAh kwa tarakimu kubwa za dhahabu, na bei ni shilingi 1,800. Ataka kujua kama ni kweli. Nilimwambia aniletee picha mbili zaidi: moja ya maandishi madogo ya nyuma, na moja ya ule ubavu wenye matundu ya kebo, imepigwa usoni sawasawa.

Picha haina rula, lakini lile tundu pana la mstatili ni rula tosha, kwani upana wake ni kama milimita 12 kwenye kila kifaa. Nikapima kwa karatasi juu ya kioo cha simu. Upana wa pawabenki uliingia tundu sita hivi, yaani kama sentimita 7. Unene ni kama sentimita moja na nusu, na ile picha ya mbele yaonyesha urefu ni mara mbili ya upana, basi sentimita 14. Ni umbo la simu ya kawaida iliyonenepa.

Sasa, pawabenki ya kweli ya 10000mAh ina umbo hilohilo, na uzito wake ni karibu gramu 200. Betri za lithiamu zina kiwango cha umeme zinachoweza kubeba katika nafasi fulani, na hakuna kiwanda kinachoruka mpaka huo mara tano. Ili ufike 50000mAh wahitaji kama pawabenki tano za aina hiyo zilizopangwa moja juu ya nyingine, jumla karibu kilo moja. Hii ya mama yaingia mfukoni mwa kanzu bila kuivuta chini! Kama ina kitu ndani, basi haizidi sana 10000mAh, na huenda ikawa chini ya hapo.

Maandishi ya nyuma nayo yalisema mengi. Pameandikwa "Input: 5V 2A", yaani inapochajiwa hupokea wati 10. Hesabu ya betri ni mAh mara 3.7, ambayo ndiyo volti ya betri ya ndani, kisha gawanya kwa 1000. Hivyo 50000mAh ni wati-saa 185. Kwa wati 10 ingechukua zaidi ya saa 18 kujaa, na kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani, ni karibu siku nzima. Muuzaji alimwambia yajaa kwa saa nne. Saa nne kwa wati 10 ni wati-saa 40, na hizo hazifiki hata 11000mAh. Kwa maneno yake mwenyewe amejifunga.

Kilichokosekana nyuma pia ni ushahidi. Kampuni zinazojiheshimu huandika wati-saa, kwa mfano "10000mAh 37Wh", na chini yake "Rated Capacity" yenye namba ndogo zaidi, mara nyingi karibu 6000mAh kwa volti 5. Watu huiona hiyo namba ndogo wakadhani wameibiwa. Sivyo. Betri ya ndani ni volti 3.7, kebo hutoa volti 5, na kupandisha volti hupunguza mAh na kupoteza umeme kidogo. Mimi namuamini zaidi anayeandika namba zote mbili.

Lakini picha ina mpaka wake. Yaweza kukanusha, haiwezi kuthibitisha. Pawabenki kubwa yenye namba ya kiasi huenda ndani ikawa na betri moja tu, na wapo wanaotia mchanga au vyuma ili iwe nzito mkononi. Hapo dawa ni kuichaji ijae, kisha kuhesabu yajaza simu mara ngapi. Ya 10000mAh ya kweli hujaza simu yenye betri ya 5000mAh mara moja na nusu hivi.

Kwa msafiri kuna jambo jengine. Kwenye ndege pawabenki huingia na begi la mkononi, si mzigo wa chini. Hadi wati-saa 100 huruhusiwa kwa kawaida, 100 hadi 160 wahitaji idhini ya shirika la ndege, na zaidi ya 160 haipandi. Afisa wa uwanjani hafungui kifaa, husoma kilichoandikwa. Akisoma 50000mAh atapata wati-saa 185 na kuizuia, ingawa ndani huenda hamna hata 40. Ya 20000mAh ni wati-saa 74, nayo hupita, mradi maandishi yake yasomeke.