Msimu Umeisha Watamu? Hivi Ndivyo Unaandikia Ajensi Barua Ikuweke Kwa Listi

Pasaka ikipita, stori unaijua. Masika inaingia, kusi inaanza kuvuma, mwani unajaa ufuoni, na Wataliano wanapanda ndege kurudi kwao. Vila zinafungwa, hoteli zingine zinapumzika hadi Julai, na wewe uliyekuwa jikoni ama unatandika vitanda unaambiwa, "Tutakuita." Simu hailii.

Hapo ndipo wengi hukumbuka ajensi za ajira za Malindi na Mombasa. Anachukua simu, anatuma mstari mmoja: "Habari, natafuta kazi yoyote, niko tayari kufanya bidii." Halafu anangoja. Wiki inaisha, mwezi unaisha, kimya. Anaona ajensi ni watu wa kubagua. Ukweli ni kwamba barua yake haikuwa na mahali pa kuwekwa.

Ajensi inakutafuta vipi

Shika hii kwanza, ndio siri ya hii mambo yote. Barua ya kuomba kazi unaiandikia mwajiri ambaye ana nafasi leo. Ajensi mara nyingi haina nafasi leo. Inaweka majina, halafu inangoja simu ya mwajiri.

Piga picha ni Alhamisi jioni. Meneja wa hoteli anapiga: "Mpishi wangu ameondoka. Nataka mtu wa chakula cha Kitaliano, aanze Jumatatu, Malindi." Mtu wa ajensi hana muda wa kusoma barua mia moja. Anafungua listi yake na kutafuta maneno: mpishi, Kitaliano, Malindi. Majina matatu ama manne yanatokea, anayapigia hao. Wewe uliyeandika "kazi yoyote" hutokei popote, hata kama ravioli zako zinajulikana Watamu yote.

Kwa hivyo unaandika kitu cha kutafutika. Barua inajibu maswali matano tu: wewe ni nani kikazi, umefanya hiyo kazi wapi na kwa muda gani, una karatasi gani, uko huru kuanzia lini, na uko tayari kwenda wapi. Ukurasa mmoja unatosha, na sivii unaiambatisha kando.

Chagua kazi moja. Najua umewahi kuwa weita, ukauza bidhaa bichi, ukasaidia mjengo Gede. Ajensi inaweka jina lako kwenye kikapu kimoja. Kama una kazi ya pili unayoijua kweli, itaje kwa sentensi moja karibu na mwisho. Ya tatu iache.

Mfano: mpishi wa vila

Tuchukue mpishi kutoka Timboni. Hajasomea chuo chochote cha hoteli. Alianza kama msaidizi jikoni, akafundishwa na mwenye vila, na sasa amepika miaka minne. Wengi Watamu wako hivi, na wengi hudhani hawana cha kuandika. Ona:

Kichwa cha imeili: Mpishi, chakula cha Kitaliano na samaki, miaka 4, Watamu, huru kuanzia 1 Juni

Kwa Ofisi ya Ajira,

Mimi ni mpishi wa vila na ninaishi Timboni, Watamu. Naomba mniweke kwenye listi yenu ya wapishi wa hoteli ndogo, vila na nyumba za wageni.

Kwa miaka minne nimepika katika vila ya vyumba vitano hapa Watamu. Nilikuwa napika kifungua kinywa na chakula cha jioni kwa wageni hadi kumi, peke yangu na msaidizi mmoja. Natengeneza pasta kwa mkono, risoto, pitsa, na samaki, kamba na pweza wa hapa Pwani. Ununuzi wa samaki na mboga pamoja na hesabu za jikoni za kila wiki vilikuwa mikononi mwangu.

Naongea Kiswahili na Kiingereza vizuri, na Kitaliano cha kuelewana na wageni jikoni na mezani. Nina cheti cha afya cha wanaoshika chakula ambacho hakijaisha muda, na cheti cha utumishi kutoka kwa mwajiri wangu.

Niko huru kuanzia tarehe 1 Juni. Naweza kufanya kazi Watamu na Malindi nikitoka nyumbani. Kilifi, Mombasa na Diani naweza kwenda kama kuna mahali pa kulala. Naweza pia kusimamia usafi wa vila ndogo.

Mwajiri wangu wa mwisho amekubali kupigiwa simu, na namba yake iko kwenye sivii. Mimi napatikana kwa namba iliyo hapa chini, simu na WhatsApp.

Wako,
(jina kamili na namba ya simu)

Rudi kwa kile kichwa cha imeili. Kazi, ujuzi, miaka, mahali, tarehe. Hata kama hiyo barua haijafunguliwa, mtu wa ajensi ameshajua akuweke wapi. Halafu cheki "wageni hadi kumi" na "vyumba vitano". Hizo namba zinamwambia mwajiri ukubwa wa kazi unayoimudu. Ungeandika "nina uzoefu mkubwa," hangejua kama ulikuwa unapikia watu wawili ama harusi.

Kitaliano nacho, usikione kidogo. Hapa Watamu na Malindi hicho ndicho kinaweza kukutoa kwenye wapishi ishirini kikuweke kwa watatu. Lakini sema kiwango cha ukweli. Ukiandika unaongea sawasawa, mahojiano yanaweza kufanywa na mwenye vila mwenyewe kwa simu, na hapo ni ngori.

Barua inaweza kuandikwa kwa Kizungu pia. Ofisi nyingi zimezoea hicho. Mpangilio ni ule ule.

Karatasi ambazo watu husahau

Tatizo la mpishi wetu lilikuwa ushahidi. Kazi ya vila mara nyingi ni ya mdomo, na mwajiri yuko Italia. Hapa sheria iko upande wako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi kazi ikiisha, ikiwa umefanya wiki nne mfululizo au zaidi. Kinaandikwa jina na anwani ya mwajiri, jina lako, ulianza lini, kazi yako ilikuwa gani na wapi, na uliacha lini.

Lakini sheria hiyo hiyo haimlazimishi kukusifu. Barua ya kusema wewe ni mpishi hodari ni hiari yake. Kwa hivyo omba vitu viwili tofauti: cheti, ambacho ni haki yako, na ruhusa ya kuweka namba yake kama mdhamini, ambayo ni ombi. Omba kabla hajafunga masanduku. Akishafika kwao, ujumbe wako unaweza kukaa miezi bila jibu.

Karatasi ya pili ni mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Huu unampima mtu aliyejifunza kazini, na ngazi zake huanza na daraja la tatu kupanda hadi la kwanza. NITA ina kituo Mombasa. Msee ambaye hajakanyaga chuo anapata cheti cha serikali cha kuonyesha kazi yake. Lo sizoni ni wakati mzuri wa kuulizia tarehe.

Cheti cha afya cha wanaoshika chakula nacho kina muda, miezi sita tu. Kama chako kiliisha Machi, usiandike kwamba unacho. Kifanye upya kwanza, kwa sababu hoteli itaomba kukiona siku ya kwanza.

Tuma lini, na baada ya hapo

Hoteli zinajaza nafasi kabla wageni hawajafika. Ukitaka kazi ya Julai na Agosti, barua iwe imefika Mei. Ukilenga Desemba, tuma Septemba ama Oktoba. Ukituma wiki ya Krismasi, listi imeshatumika.

Baada ya wiki mbili, tuma ujumbe mfupi: jina, kazi, tarehe ya barua, na swali moja, "Je, nimewekwa kwenye listi?" Wakikuambia ndiyo, kila mwezi waambie kama bado uko huru. Ukibadilisha laini ya simu, wajulishe siku hiyo hiyo. Ukipata mboka kwingine, waambie pia. Wakikupigia mara mbili wakakuta uko kazini, ama namba haipatikani, usishangae wakikuruka wakati ujao.

Kabla ya kubonyeza kutuma

Chanuka hapa. Ajensi za ajira Kenya zinatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Ingia neaims.go.ke, tafuta jina la ajensi, uone kama liko na kama usajili bado uko hai. Linganisha jina herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda kuazima jina la kampuni halisi na kuongeza neno moja. Hii ni muhimu zaidi kama kazi wanayokuahidi ni ya Saudia, Katari ama Dubai.

Barua ya kwanza haihitaji nakala ya kitambulisho, pasipoti wala akaunti ya benki. Hivyo vinaitishwa kukiwa na kazi yenye jina na mkataba wa kusoma. Mtu akikuambia utume chapaa ya "kuwekwa kwa listi" kwa namba yake binafsi, bila risiti na bila ofisi unayoweza kutembelea, hepa. Na ile pasipoti yako halisi isikae kwa droo ya mtu yeyote eti "tunakuhifadhia".

Mwisho, isome barua yako ukijifanya wewe ndiye mtu wa ajensi Alhamisi jioni, meneja yuko kwa laini. Ndani ya sekunde kumi, unaweza kusema huyu ni nani, anajua nini, yuko wapi na anaanza lini? Kama unakwama, rudi kwa kile kichwa cha imeili ukiandike upya kwanza.